Riba ya Benki Kuu ilipopanda, rejesho langu "halikubadilika"

Nina mashine ya kukoboa mpunga Igurusi, pale kando ya barabara kuu ya Mbeya kwenda Iringa. Februari 2024 nilikopa shilingi milioni 60 kununua mashine kubwa zaidi na kumalizia ghala, kwa miaka 7, yaani marejesho 84. Dhamana ni nyumba yangu ya Uyole. Riba ilikuwa asilimia 16, na rejesho la mwezi 1,191,700. Nataka kueleza sentensi moja tu ya mkataba ule, kwa sababu ndiyo iliyonishughulisha mpaka leo.

Ilisema riba ya mkopo ni Riba ya Benki Kuu kujumlisha asilimia 10.5, na kwamba itapitiwa kila baada ya miezi 6. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Januari 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imeanza utaratibu mpya wa kuongoza sera ya fedha kwa kutangaza riba, na riba ya kwanza kabisa ilikuwa 5.5. Ndiyo maana yangu ilitoka 16 kamili.

Riba hiyo haitozwi mtu kama mimi. Kamati ya Sera ya Fedha huitangaza kila robo mwaka, kisha Benki Kuu huongeza au hupunguza fedha kwenye mzunguko ili mabenki yanapokopeshana kwa siku 7, bei yao isitoke mbali na ile iliyotangazwa: inaruhusiwa kuwa juu au chini yake kwa pointi 2 za asilimia. Benki inayopata fedha kwa bei ghali huko ndiyo itakayotaka kunikopesha kwa bei ghali. Lakini fedha nyingi za benki hazitoki huko, zinatoka kwenye akiba na amana za wateja, na bei ya hizo haisogei haraka. Kwa hiyo riba za mikopo mitaani hufuata kwa kujivuta, nyingine hazifuati kabisa. Wastani wa nchi ulibaki asilimia 15 na ushei muda wote huo. Mkataba wangu ulikuwa tofauti kwa sababu ulitaja Riba ya Benki Kuu yenyewe, bila kupitia kokote.

Aprili 2024 ikapandishwa hadi 6. Kwangu mabadiliko yalisubiri zamu ya kupitiwa, mwishoni mwa Agosti, nilipokuwa nimelipa marejesho 6 na salio ni kama milioni 57.57. Ukaja ujumbe kwenye simu: riba mpya asilimia 16.5, rejesho lako halijabadilika. Nikampigia afisa mikopo, kijana mwenye adabu kweli.

"Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, utaendelea kulipa ileile."

"Marahaba mwanangu. Sasa hiyo riba iliyopanda analipa nani?"

Akacheka, akasema nipite tawini nichukue ratiba mpya ya marejesho. Ratiba ndiyo iliyonijibu. Marejesho yaliyobaki hayakuwa tena 78, yalikuwa 80, la mwisho pungufu kidogo. Benki ilikuwa imeacha kiasi kama kilivyo na kurefusha muda, na mkataba uliiruhusu kufanya hivyo kama mteja hajaomba vinginevyo.

Ukitaka kuona linavyotokea, chukua mwezi mmoja. Riba ya mwezi ni salio mara kiwango, gawanya kwa 12. Kwa asilimia 16, salio la milioni 57.57 linazaa riba ya 767,600, kwa hiyo katika rejesho la 1,191,700 zinabaki 424,100 za kupunguza deni lenyewe. Kwa asilimia 16.5 riba inakuwa 791,600 na zinazobaki ni 400,100. Shilingi 24,000 kila mwezi zimehama upande, na hakuna anayeziona kwa sababu jumla ni ileile. Deni linashuka polepole zaidi, na lile ambalo halijashuka linazaa riba tena mwezi unaofuata.

Mwanangu wa kidato cha sita alinifungulia jedwali kwenye kompyuta, tukaandika mistari miwili. Wa kwanza unatoa rejesho jipya iwapo tarehe ya mwisho itabaki palepale, wa pili unatoa idadi ya marejesho iwapo kiasi kitabaki kilekile:

```
=PMT(0.165/12, 78, -57570000)
=NPER(0.165/12, -1191700, 57570000)
```

Wa kwanza ulitoa 1,207,900 na senti zake, yaani nyongeza ya kama shilingi 16,200 kwa mwezi. Wa pili ulitoa 79.9. Sasa linganisha. Nikipandisha rejesho, mpaka mwisho nitakuwa nimeongeza kama milioni 1.26. Nikiacha kama benki ilivyofanya, nitaongeza karibu milioni 2.28. Ile huruma ya "halijabadilika" bei yake ni milioni moja.

Niliandika barua fupi kuomba tarehe ya mwisho ya mkopo ibaki ileile na rejesho lipande. Ikakubaliwa bila ada. Nasema barua kwa makusudi, maana simu haiingii kwenye faili la mkopo. Simlaumu mtu anayechagua kurefusha. Kama biashara yako inahema kwa shida, 16,200 ni hela. Ila achague mwenyewe.

Zamu ya Februari 2025 haikuwa na jipya, Riba ya Benki Kuu ilikuwa bado 6. Julai 2025 ikashushwa hadi 5.75. Pale Igurusi watu wenye mikopo wakafurahi kama mvua imenyesha. Nikakaa chini nikapiga hesabu ya zamu yangu ya mwisho wa Agosti. Salio milioni 52.18, marejesho 66 yamebaki, riba inashuka kutoka 16.5 kwenda 16.25. Rejesho lingeshuka kwa kama 7,100. Kwa miezi yote 66 haifiki hata nusu milioni.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kusubiri Benki Kuu ishushe riba si mpango wa mtu mwenye mashine ya mpunga. Kilicho mikononi mwangu ni salio. Mpunga wa Usangu huvunwa kuanzia Mei, na kufikia Agosti mashine imekoboa usiku na mchana, fedha ipo. Nikaamua mambo mawili pamoja: rejesho lisishuke, libaki 1,207,900, na niweke milioni 3 za ziada kwenye deni.

Hesabu ikasema marejesho yatatoka 66 hadi 60. Ukijumlisha kila kitu, zile milioni 3 zikiwamo, nitalipa pungufu kwa karibu milioni 4.3 kuliko ningekubali lile punguzo dogo na kuendelea. Kama ningeweka milioni 3 hizohizo lakini nikaomba rejesho lishuke badala ya muda kupungua, ningeokoa milioni 1.5 hivi tu, ingawa rejesho lingeteremka hadi 1,131,800. Jirani yangu mwenye mashine ndogo alichagua hiyo ya pili, naye ana sababu: Januari hadi Aprili mpunga haupo, na kukosa rejesho moja kuna adhabu na doa kwenye taarifa za mikopo. Kwake nafuu ya kila mwezi ilikuwa na thamani kuliko akiba ya mwisho.

Kuna shimo kwenye njia hii. Nilipoweka milioni 3, mfumo wa benki ulizipokea kama malipo ya mbele. Maana yake zilikaa kando zikisubiri kukatwa kama rejesho la Septemba, Oktoba na nusu ya Novemba, huku deni likiendelea kuhesabiwa riba kwenye salio lilelile. Niligundua kwa kuomba taarifa ya mkopo wiki ileile na kutazama safu ya salio la deni: haikuwa imeshuka. Risiti ya benki haikuambii hilo, inasema fedha zimepokelewa tu. Nikapeleka barua yenye maneno haya: fedha hizi zipunguze deni la msingi kuanzia tarehe ya kuwekwa, rejesho libaki lilelile, muda upungue, na nipewe ratiba mpya. Wakasahihisha, wakarudisha hesabu mpaka tarehe ya kuweka. Kabla ya yote hayo nilikuwa nimesoma kifungu cha kulipa kabla ya muda. Changu kinatoza ada kwa mtu anayefunga mkopo wote, si anayepunguza sehemu. Mikataba mingine inatoza vyote viwili, na hapo lazima ada iingizwe kwenye hesabu kwanza.

Kuhama benki nilikufikiria. Benki nyingine pale Mwanjelwa ilinitajia asilimia 15.25. Pungufu kwa asilimia 1 kwenye deni langu ni kama shilingi laki 5 mwaka wa kwanza, na inapungua kadiri deni linavyoshuka. Upande wa pili kuna ada ya kufunga mkopo wa zamani, ambayo kwangu ni asilimia 2, yaani zaidi ya milioni moja, ada ya mkopo mpya, mthamini wa nyumba, bima, na kuandikisha rehani upya. Ingenichukua zaidi ya miaka mitatu kurudisha gharama tu. Nilijaribu badala yake kuomba benki yangu ishushe ile 10.5, maana hiyo ndiyo sehemu inayojadilika, Benki Kuu haihusiki nayo. Walikataa. Waliniambia nirudi nikiwa nimepitisha mauzo ya msimu mzima kwenye akaunti yao, kwa sababu mengi ya mpunga hulipwa kwa simu au taslimu na wao hawayaoni. Msimu huu nayapitisha.

Shemeji yangu ana ghala la mahindi Makambako na mkopo wa benki nyingine. Riba yake nayo inabadilika, ilipanda mwaka 2024 kama yangu, lakini Julai 2025 haikushuka hata chembe. Alikuja na mkataba wake nikausoma: riba ni "riba ya msingi ya benki" kujumlisha nyongeza, na riba ya msingi inapangwa na benki yenyewe "kwa kuzingatia gharama za fedha na hali ya soko". Benki Kuu haitajwi popote. Kwa maandishi hayo benki haikuvunja kitu. Tuliiandikia benki yake barua ya kuuliza riba ya msingi ni ngapi leo, ilikuwa ngapi siku aliyosaini, na ilibadilishwa tarehe zipi. Wasipojibu, hatua inayofuata ni malalamiko rasmi kwa benki hiyo, kisha Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini. Jibu likija tutajua kama ile ya 2024 ilipandishwa kwa utaratibu wa mkataba, na kama analo jambo la kudai au la kujadiliana tu.