"Siku nzima" ilivyonigharimu saa tatu

Napiga picha za harusi hapa Dar. Slaidi zangu za bei zilikuwa na jedwali moja: Shaba, Fedha, Dhahabu, na vitiki chini yake. Kwenye kompyuta lilipendeza.

Kuna harusi kamati ilichukua Fedha, 1,200,000. Niliandika "siku nzima", nikimaanisha muda wa saa kumi. Nilianza saluni saa 5 asubuhi, kwa hiyo saa 3 usiku nikaanza kufunga begi. Shangazi wa bibi harusi akanifuata: "Mwanangu, unakwenda wapi na keki haijakatwa?" Nikabaki mpaka saa 6, bure. Ningemdai nani, wakati saa kumi zenyewe hazikuandikwa popote?

Baadaye mweka hazina alinionyesha alichokuwa amewatumia wanakamati: skrinishoti ya nusu ya jedwali, safu ya Dhahabu imekatwa, vitiki havijulikani ni vya nani. Hapo nikaelewa kwamba slaidi zangu hazisomwi zote kwa pamoja. Mtu anarusha moja kwenye grupu, na hiyo moja ndiyo inayojadiliwa.

Nikaanza upya. Kwenye PowerPoint nilikwenda Design, Slide Size, Custom Slide Size, nikachagua Portrait ili ukurasa ujae simu. Kila kifurushi kikapata slaidi yake, bei juu kwa herufi kubwa. Majina ya madini nikayatupa. Sasa kuna "Kanisani hadi ukumbini" na "Saluni hadi keki". Chini ya bei kuna mistari ileile kwa mpangilio uleule: saa ya kuanza na kuondoka, wapiga picha wangapi, picha, albamu, siku ya kukabidhi. Kisichokuwemo nakiandika, "Hakuna albamu", maana nafasi tupu kila mtu huijaza anavyotaka. Na siandiki tena "vyote vya Fedha pamoja na...", aliyepokea slaidi moja hiyo Fedha hana. Mstari wa mwisho ni saa ya ziada, 100,000, na nani kwenye kamati wa kuiidhinisha usiku ule.

Kabla ya kuzituma nilimpa dada yangu simu, nikamuuliza: mpiga picha anaondoka saa ngapi, na unapata nini mkononi? La kwanza alijibu bila kusita. La pili akasema, "Picha 300 za karatasi." Kumbe niliandika "picha 300 zilizosafishwa", nikimaanisha nimezirekebisha rangi na mwanga. Kwake kusafisha picha ni kupeleka studio zitoke kwenye karatasi, kama tulivyofanya enzi za filamu. Ningeingia hasara ya picha 260! Mstari ule nikaugawa: "Kwenye flashi: 300. Za karatasi: 40, inchi 5 kwa 7."

Kuombwa punguzo hakujaisha, na sidhani kutaisha. Ila sasa mweka hazina akipiga simu, tunashuka naye mstari kwa mstari, naye anachagua wa kutoa. Mara nyingi albamu ndiyo huondoka.