Chaki Ukutani

Mwaka 2016 nyumba yangu ya mtaa wa Utawala, Nairobi, ilikuwa imeshaezekwa, kuta bado mawe matupu, fundi wa stima alipokuja Jumamosi moja kutia alama za kuchonga. Nilimpa ramani nikidhani atainakili ukutani tu. Akaikunja, akaitia kwapani, akaomba chaki.

Chumbani kwangu aliuliza, "Mama, kitanda ni cha ngapi?"

"Tano kwa sita."

Akakichora sakafuni, futi 5 zikiegemea ukuta wa kichwani. Soketi ambayo mchoraji aliiweka katikati ya ukuta huo ikaangukia nyuma ya kitanda. Ningetaka kuchaji simu, ningekivuta kwanza. Tukaifanya mbili, moja kila upande, nje kidogo ya mstari wa chaki.

Kisha akatazama mlango. Kwenye ramani, kipande cha duara huonyesha mlango unafungukia wapi, na swichi hukaa upande wa kitasa. Lakini mimi nilikuwa nimemwagiza seremala ageuze bawaba za milango miwili, huu na wa stoo, na sikumwambia mtu. Swichi kwenye ramani ilibaki pale pale, sasa nyuma ya mlango. Ningeingia gizani, niuzunguke mlango, nipapase ukuta. Akaihamisha.

Ubishi ulikuja kwenye kisanduku cha breka, ambacho yeye alikiita dibii. Ramani ilikiweka stoo, na mimi nilipenda hivyo, maana hakina sura ya kuonyesha wageni.

"Stoo utaweka nini?"

"Magunia. Na mtungi wa gesi."

Akatikisa kichwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya ndani ya kijumba kama kile, na breka ikikatika hutoa cheche. Tena, breka ikianguka usiku, nani atapanda magunia kuirudisha? Alitaka kisanduku kiwe koridoni, kimo cha macho.

Tukavuta futi kamba. Shawa ya moto ilikuwa ncha ya pili ya nyumba. Ya kilowati 6 kwenye volti 240 huvuta ampea 25, kwa hiyo hupewa waya wake peke yake, wa milimita 6, na huo si bei ya kuchezea. Kutoka stoo, kupitia darini, ni mita 17. Kutoka koridoni, 6. Ila waya mkuu wa kutoka mita ya stima nao ungerefuka mita 7, na huo ni mnene zaidi. Pesa, kwa kweli, zilikaribia kulingana. Gesi ndiyo iliyonishinda. Nikakubali korido.

Stoo tuliimaliza mbiombio, jua likizama na chaki imebaki kipande cha ukucha. Swichi yake iko nyuma ya mlango hadi leo.