Nimeacha kuuliza "mbona umenyamaza?"

Jana mezani tulikuwa saba, na shemeji yangu hakuwa amesema neno. Zamani ningemwuliza, "Mbona umenyamaza?" Swali hilo huwafanya wote wamgeukie, naye hujibu "nasikiliza tu" na kuzidi kujikunyata.

Safari hii nilikaa kando yake, si mkabala naye, nikamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu baiskeli anayoitengeneza. Akanieleza vizuri tu. Baadaye mazungumzo yalipofika kwenye vitu vya zamani, nikasema huku nikiwatazama wengine, "Shemeji ana baiskeli kuukuu anaifufua." (Haikuwa siri, vinginevyo nisingeitaja.) Sikumwuliza kitu. Nikanyamaza, na hapo ndipo pagumu, maana ulimi unawasha. Angeweza kutabasamu tu, mada ikapita. Lakini akaanza kueleza alivyonyoosha rimu.

Mmoja akamkatiza. Alipomaliza, nikamwambia shemeji, "Ulikuwa umefika kwenye rimu." Akaendelea hadi mwisho, na maswali yakamjia yenyewe. Alipoanza kutazama sahani na kujibu neno mojamoja, nikageukia habari nyingine.