Kondoa au Kongwa?

Leo nimeshinda na picha ya cheti cha ndoa, cha kuandikwa kwa mkono, kilichopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp. Mwenyewe anafanya kazi Muscat, anataka kumhamishia mkewe huko, na huko wanataka tafsiri ya Kiarabu, ndiyo kazi yangu. Karatasi imekaa imekunjwa miaka, na mkunjo umepita palepale palipoandikwa alipozaliwa bibi harusi. Naona K, o, n, kisha ukungu, kisha a.

Kwa sisi wa Dodoma ukungu huo ni mtego. Kondoa ni wilaya ya mkoa huu, Kongwa vilevile. Majina yote mawili yana herufi sita, yanaanza sawa na kuishia sawa, na jicho likiona pengo hulijaza kwa jina lililolizoea. Ndiyo maana sianzi na Kiarabu. Kwanza nanakili Kiswahili kama kilivyo, herufi kwa herufi, na pasiposomeka naweka mabano matupu. Nikirukia Kiarabu, shaka inafia njiani: msomaji atakuta كوندوا imeandikwa safi, asijue ilitoka kwenye ukungu.

Kukuza picha hakusaidii. Picha ikishabanwa wakati wa kutumwa, vijistari vyembamba vimeshapotea, ukikuza unapata miraba tu. Nikampigia.

"Mwalimu, andika tu Kondoa, mke wangu namjua."

Namwamini, lakini ninayefasiri ni karatasi, na muhuri wangu unasema hivyo. Nikamwomba apige upya mchana karibu na dirisha, flashi azime, karatasi ainyooshe, kisha aitume kama dokumenti ili isibanwe.

Ya pili ikaja nzuri zaidi. Herufi ya kuangalia ni ya nne: d hupandisha kijiti juu, g hushusha mkia chini ya mstari. Chini palikuwa peupe kabisa, juu kuna kipande cha kijiti kimelala kulia. Nikakilinganisha na d ya neno "Shahidi", mwandiko uleule, kalamu ileile. Kimelala vilevile. Kondoa.

Shahidi wa pili amenishinda. Muhuri umekaa juu ya jina lake, imebaki "Sa" mwanzoni na "i" mwishoni. Nimeandika [غير مقروء], yaani halisomeki, na chini kwenye maelezo ya mfasiri nimetaja herufi zinazoonekana. Kuandika "Saidi" na alama ya kuuliza sikutaka. Ofisa mwenye haraka hulichukua jina, alama akaiacha.

Baba wa bwana harusi ni Saidi, na lake linasomeka bila tabu. Shaka yake ni nyingine: kwa Kiarabu laweza kuwa سعيد au سيد, na herufi zetu hazionyeshi ile aini iliyomo katika la kwanza tu. Hapo mabano ya kutosomeka yangekuwa uongo. Nimemwomba bwana harusi kopi ya kitambulisho chake cha ukaazi cha Oman, chenye jina lake kamili kwa Kiarabu. Kimeandika سعيد, nami nimefuata hivyo na kueleza kwenye maelezo kwamba tahajia imetoka huko, si kwenye cheti.