Ijumaa ya mizunguko ya mjini

Leo nilikuwa na mambo manne ya kumaliza mjini Dar es Salaam: fomu ya kupeleka ofisi ya serikali pale Posta, hela ya kuweka benki, vitenge vya mama mkubwa Kariakoo, na samaki wa Feri. Ukiangalia ramani tu, ungeanzia Kariakoo kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na sisi tunaotoka Kimara. Mimi siangalii umbali, naangalia nani anafunga kwanza.

Ijumaa ina ugumu wake. Kariakoo baadhi ya maduka hushusha mlango kabla ya swala ya Ijumaa na hufunguliwa tena kama saa 8 hivi. Ukifika saa 7 unaweza kubaki kutazama makufuli.

Nilitoka alfajiri. Pale Kimara, ndipo mwendokasi ya njia yetu inapoanzia, bado unaweza kupata kiti. Ukichelewa kidogo utasimama hadi mjini, pochi umeikumbatia. Ofisi hufunguliwa saa 1:30, kwa hiyo nikawahi nikanywa chai ya mtaani, kisha nikapanga foleni. Nikapokelewa fomu, nikaambiwa nirudi saa 7.

Hapo ndipo siku ilipopatikana. Kazi yenye kungojea huwa naitanguliza, maana wao wakiishughulikia, mimi nafanya nyingine. Benki ilipofungua saa 2:30 nilikuwa mlangoni. Halafu nikatembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja hadi Kariakoo. Bajaji ingenikwamisha kwenye mataa, na jua lilikuwa bado halijakuwa kali. Vitenge nikachagua kwa raha, kabla ya saa 6 nikawa nimeshatoka.

Saa 7 nikachukua karatasi yangu. Wangenipiga kalenda, bado nilikuwa na muda hadi saa 9:30 wanapofunga. Ningefika jioni, ingekuwa njoo Jumatatu.

Samaki nikawaacha wawe wa mwisho kwa makusudi. Asubuhi ndiyo kuna mnada na uchangamfu wote, lakini nani atakaa nawe kwenye foleni ukiwa na mfuko wa vibua unaotiririka maji? Mchana nilinunua, nikapata kijana wa kuwapara, nikawapeleka kwa wakaangaji palepale. Samaki wa kukaanga hawana haraka ya kuharibika. Tena Feri iko jirani na kituo cha Kivukoni, magari yanakoanzia kurudi, hivyo nikakaa kitini kabla ofisi hazijatoka. Baada ya saa 10 Barabara ya Morogoro ni habari nyingine, hata kwenye njia ya mwendokasi, maana watu wanakuwa wengi kuliko magari.

Mpango huu una masharti. Wakati wa masika, maji yakijaa Jangwani, mwendokasi hukatishwa na kila kitu kinavurugika. Siku kama hiyo nakwenda ofisini tu, tena kwa daladala inayozunguka mbali. Mama mkubwa atasubiri vitenge vyake.