Barua iliyoomba mashimo matatu zaidi

Kiwanja kilikuwa Dar es Salaam, ukingoni mwa kibonde kinachomwaga maji yake Mto Msimbazi. Mwenye mradi alitaka jengo la ghorofa sita. Tulipendekeza mashimo matano ya kuchunguza udongo, akasema matano ni mengi, tukakubaliana matatu. Sikubisha sana. Kiwanja chenyewe kilikuwa mita 30 kwa 45, tambarare kama sakafu, na majirani walikuwa na maghorofa yaliyosimama vizuri.

Shimo la kwanza, upande wa barabara, lilitoa mchanga wenye udongo mfinyanzi kidogo, mwekundu, ulioshikana. La pili, kona ya nyuma kushoto, likatoa ule ule. Kwa wasioijua kazi hii: katika kila mita moja na nusu hivi tunashusha bomba la chuma chini ya shimo, tunalipiga kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, na tunahesabu mapigo yanayohitajika kulizamisha sentimita 30, baada ya kuziacha 15 za mwanzo ambazo huwa zimevurugwa na uchimbaji. Mashimo haya mawili yalitupa mapigo 20 hadi 28. Huo ni udongo wa kujengea bila wasiwasi.

Shimo la tatu, kona ya nyuma kulia, likatupa mapigo 3 kwenye kina cha mita tatu. Kisha 2. Kisha 3 tena. Mchanga mgumu ulirudi kwenye mita nane.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote ilinibidi nihakikishe kwamba tofauti ile ni ya ardhi, si ya wachorongaji. Mapigo machache yanaweza kuletwa na uzembe. Ukichimba mchanga chini ya usawa wa maji ya ardhini, halafu ukaacha maji ndani ya shimo yashuke kuliko yale ya nje, mchanga wa chini huchemka na kupanda, na nyundo inazama kana kwamba umepiga uji. Nikafungua masanduku ya sampuli. Hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na mfinyanzi wa kijivu, laini, unaoacha alama ya kidole gumba bila nguvu, wenye harufu ya majani yaliyooza. Jirani mmoja, mzee aliyehamia pale zamani, akanimalizia kazi: "Hapo nyuma palikuwa na kijito, tukilima mpunga. Walikifukia kwa vifusi." Ramani ya zamani ya eneo ilionyesha kweli mstari mwembamba wa maji ukikata kona ile.

Rasimu yangu ya kwanza ya barua ilikuwa na kurasa nne. Ilianza na YAH:, ikafuatiwa na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha majedwali. Mwenye mradi aliipokea, akanyamaza siku sita, halafu akanipigia: "Injinia, mbona kila mkichimba mnataka kuchimba tena? Mkikuta udongo mbaya, si ndiyo majibu hayo? Jenga msingi mkubwa, basi." Nilikasirika kidogo, lakini swali lake lilikuwa la haki, na barua yangu haikuwa imelijibu. Nilikuwa nimemweleza kwa kurasa nne jinsi udongo ulivyo laini. Sikuwa nimemwambia ni kitu gani bado sikijui, na hicho ndicho kilichokuwa kinaombewa pesa.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na mchoro. YAH: niliibakiza, maana barua isiyo na YAH: huonekana haina adabu. Aya ya kwanza ilisema kwamba makadirio yetu ya awali yanaonyesha jengo litatitia kama milimita 15 juu ya mchanga na kama 80 juu ya mfinyanzi. Jengo likititia lote kwa pamoja, hata milimita 80 wengi hawatazigundua. Kinachopasua kuta ni tofauti kati ya nguzo na nguzo, na hapa tofauti kati ya upande wa mchanga na wa mfinyanzi ni milimita 65.

Kisha nikaandika hivi: "Nguzo zako ziko mita sita kutoka moja hadi nyingine. Kuta huanza kupasuka tofauti ikifika karibu milimita 20 katika umbali huo. Kama mfinyanzi unaanza polepole na kuongezeka kina katika mita 30, tofauti hiyo ya 65 itagawanywa katika nafasi tano, 13 kila moja, na jengo litavumilia. Kama kijito kilikuwa na ukingo wa wima, 65 zote zitaangukia kati ya nguzo mbili. Mashimo tuliyonayo hayawezi kutuambia ni ipi kati ya hizo mbili, wala ukingo uko wapi. Hadi tutakapojua, mhandisi wa miundo asitumie namba za ripoti yetu kwa nusu ya nyuma ya jengo."

Sentensi hiyo ya mwisho iliniuma kuiandika, kwa kuwa ilikuwa inakiri kwamba ripoti yetu tuliyolipwa haijatosha. Nikaongeza na kosa letu jingine: katika shimo la tatu tulichukua sampuli za bomba la nyundo pekee, ambazo huwa zimevurugika, na huwezi kuzipima maabara ujue udongo utabanwa kiasi gani. Zile 80 zilikuwa makisio.

Ombi lenyewe lilikuwa mashimo matatu, na sikuyapanga kwa usawa kiwanjani. Mawili niliyaweka kwenye mstari kati ya shimo zuri la nyuma na lile baya, na moja kati ya shimo baya na la barabarani. La kwanza lichimbwe, tuone, ndipo nafasi ya linalofuata iamuliwe. Kati ya mashimo hayo tupige fimbo ya mkono yenye nyundo ya kilo 10, ambayo ni rahisi na ya haraka. Haileti sampuli, lakini kwa kuwa mfinyanzi ulianzia mita tatu, ingeufikia. Na safari hii sampuli za mfinyanzi zichukuliwe kwa bomba jembamba linalosukumwa taratibu, bila kupigwa.

Kuhusu gharama nilimpa ulinganisho mmoja. Tusipochimba, tahadhari ni kushusha nguzo za zege hadi mchanga mgumu chini ya jengo zima. Mashimo yote matatu na vipimo vyake yangegharimu takriban kama nguzo mbili au tatu za namna hiyo. Sikumwahidi kwamba mashimo yatamwokoa na nguzo hizo. Niliandika wazi kwamba huenda yakathibitisha kuwa anazihitaji.

Alijibu siku ya pili kwa ujumbe wa simu: "Chimbeni."

Ukingo ulikuwa mkali kuliko nilivyotegemea. Fimbo mbili zilizopigwa mita nne mbali zilitoa majibu tofauti kabisa, moja ikikwama, nyingine ikishuka karibu kwa uzito wake. Mstari wa kijito ulikata kiwanja mshazari na kuchukua karibu robo yake ya nyuma. Msanifu alikuwa ameweka maegesho mbele na jengo nyuma. Akavigeuza. Kona moja ya jengo iliendelea kuugusa ukingo, kwa hiyo alipunguza chumba cha ngazi na kulihamisha tangi la maji upande wa pili.

Kwenye kikao mwenye mradi aliuliza, "Na hayo maegesho, hayatatitia?" Nikamwambia yatatitia, Mzee, sentimita kadhaa kwa miaka. Weka matofali ya kupanga, usimwage zege. Yakibonyea, mafundi watayainua, watamwaga mchanga, watayarudisha.