Jumamosi yangu kwenye meza ya mafundi, Amsterdam

Saa tatu asubuhi. Nafungua kabati la vifaa vya kuazima katika ukumbi wa mtaa wetu. Kila mwezi ukumbi huu hugeuka mkahawa wa matengenezo: unaleta kilichoharibika, unakaa na fundi wa kujitolea, mnatengeneza pamoja, unaondoka nacho. Wa kwanza wa aina hii ulifanyika hapahapa Amsterdam, Oktoba 2009, ukiasisiwa na Martine Postma.

Saa nne. Anaingia mama wa Mombasa, mashine yake ya kahawa mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Imezima ghafla. Mwanangu aliniambia niitupe."

Skrubu za chini zina tundu la nyota lenye kijipini katikati, bisibisi ya kawaida haiingii. Nadhani vitu vingi hutupwa hapa, kwa kukosa tu cha kufungulia. Kwenye kabati tunayo seti nzima ya vichwa hivyo, na wanachama huiazima kwa wiki.

Saa nne u nusu. Naanza na waya, umeme ukiwa umechomolewa. Kipashajoto kinasoma kama omu 53, sawa kabisa kwa wati 1,000 kwenye volti 230. Fyuzi ya joto, iliyofichwa ndani ya ala ya nyuzi za kioo, haipitishi kitu. Imeungua.

Sasa swali ni kwa nini. Fundi anayeruka fyuzi kwa kuunga waya moja kwa moja ameitoa kinga iliyowekwa kuzuia moto. Mimi sifanyi hivyo hata nikibembelezwa. Nachungulia bomba la maji: limejaa chokaa nyeupe ya maji magumu. Maji hayakupita vizuri, joto likakosa pa kwenda. Thermostati naipasha kwa kipuliza hewa moto. Inakata, na ikipoa inaunga tena. Ingekuwa imeganda, fyuzi mpya nayo ingeungua.

Saa tano. Nafunga fyuzi yenye nyuzijoto na ampea zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Siilehemu, maana joto la kulehemu laweza kuiunguza papo hapo. Naibana kwa kijibomba cha chuma na koleo. Kisha tunapitisha maji ya siki mara mbili, na mama ananusa na kucheka: "Leo nyumba yangu itanuka achari!"

Saa saba. Kijana analeta mashine ya kunyolea iliyogandishwa kwa gundi pande zote. Nikiifungua, kasha litavunjika na betri iliyo ndani haina ya kubadilishia. Namweleza wazi, anaondoka nayo vilevile.

Saa nane. Drili iliyoazimwa wiki iliyopita inarudi. Naikagua waya karibu na mshikio, panapochakaa kwanza. Kuna mpasuko. Naiweka kando, haitoki leo.